Baba anatumia donepezili, mapigo yameshuka hadi 47 na kila asubuhi anatapika. Tuache au tuvumilie?

#1 BintiMkubwa

Habari zenu wadau. Naandika nikiwa nimekaa nje ya mlango wa chumba cha baba, usingizi umenikimbia tangu juzi.

Baba ana miaka 78. Miezi miwili iliyopita daktari alituambia ni Alzaima, hatua ya mwanzo. Bado anaoga na kuvaa mwenyewe, wajukuu wote anawataja kwa majina, ila swali moja atakuuliza mara nne ndani ya saa moja, na hesabu za nyumba zimemshinda kabisa. Kwenye ule mtihani wa kumbukumbu wa alama 30 alipata 22. Akaanzishiwa donepezili miligramu 5 kila usiku. Wiki nne za mwanzo zilipita vizuri, kichefuchefu kilikuja siku chache kikaondoka. Kisha dozi ikapandishwa kuwa 10. Leo ni siku ya 16 ya hiyo 10. Tangu siku ya tatu anatapika karibu kila asubuhi, na nguo zimeanza kumpwaya.

Juzi alfajiri nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, amelowa jasho, hajui amefikaje pale chini. Hakuumia. Mashine ya presha ilisoma 118 kwa 64, mapigo 47. Nina daftari la vipimo vyake vya miaka mitatu, siku zote mapigo yamekuwa 64 mpaka 70.

Kaka yangu anataka tuiache leo leo. Mama analia, anasema akiacha atatusahau wote. Naomba kujua: dawa hii inasaidia kiasi gani hasa, na mtu anajuaje kwamba sasa basi?

#2 Kisimani

Pole sana dada. Mama yangu naye alitapika wiki mbili nzima, tukavumilia, mwili ukazoea, leo ni mwaka wa pili anaitumia. Msiiache ghafla hata kidogo. Dawa za ubongo hupunguzwa polepole, ukikata mara moja mgonjwa anaporomoka. Nusu kidonge mwezi mmoja, halafu ndiyo muamue.

#3 MfamasiaMzee

BintiMkubwa, kidonge cha usiku huu usimpe. Kesho mapema mpigie daktari aliyeiandika, na mzee apimwe umeme wa moyo kesho hiyohiyo. Akizirai tena usiku, akilalamika kifua au pumzi, msisubiri kuche.

Kisimani ana nusu ya ukweli na nusu hiyo ni nzuri, ila haimfai mzee huyu. Kupunguza polepole ni kwa mgonjwa ambaye mmekaa mkakubaliana kwamba dawa haimsaidii tena: 10 inakuwa 5 kwa wiki nne hivi, ndipo inaachwa, huku mkimwangalia. Mtu aliyeanguka na mapigo 47 haingii humo. Tena donepezili hujipunguza yenyewe. Hutoka mwilini taratibu mno, nusu yake huchukua kama saa 70, yaani ukiacha leo, siku ya tatu bado nusu imo. Kuisha kabisa ni kama wiki mbili. Kwa hiyo msishtuke mkiona kesho mapigo bado yapo chini, na msidhani kuiacha leo ni kumtumbukiza shimoni.

Sababu ya moyo na tumbo kuugua pamoja ni moja. Dawa hii inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Ubongo wa mgonjwa wa Alzaima una upungufu wa kemikali hiyo, ndiyo maana tunaitoa. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na neva ndefu inayoshuka kutoka kichwani kwenda moyoni na tumboni. Moyoni inasema "punguza mwendo", tumboni inasema "sukuma". Hatuna namna ya kuiamuru ibaki kichwani.

Sasa nijibu swali moja: mzee anatumia dawa gani nyingine? Nitajie zote. Za kumeza, za kupaka, za mitishamba, za kunusa, zote.

#4 Asali_ya_Nyuki

Kuhusu wakati, daktari wetu alituambia asubuhi ni bora kuliko usiku. Baba mkwe alipokuwa anameza usiku alikuwa anaota ndoto za kupigana, anapiga teke ukuta. Tulipohamisha asubuhi zikaisha.

#5 Kisimani

@Asali_ya_Nyuki dada kauliza wakati wa kuacha, wewe umemjibu saa ya kumeza 😄

#6 Asali_ya_Nyuki

Haya nimesoma haraka. Lakini ushauri wangu ni wa kweli, ataukuta mwingine.

#7 NesiWaZamu

Ushauri wa Asali ni wa kweli kabisa, ndoto zile tunaziona sana.

BintiMkubwa, kabla ya kulala naomba ufanye kitu kimoja. Mashine za presha za nyumbani hudanganya mapigo. Moyo ukiwa na mapigo ya ziada madogomadogo, mashine huyaruka, inakuonyesha 47 wakati moyo unakwenda 70. Weka vidole viwili chini ya dole gumba lake kwenye kifundo cha mkono, pale karibu na kiganja, hesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Na uangalie kama yanakwenda kwa mpangilio au yanarukaruka. Andika vyote viwili.

Na kuna jambo la pili. Mtu anayetapika wiki mbili amekauka maji. Akinyanyuka kitandani alfajiri kwenda kukojoa, damu inabaki miguuni. Mimi hata bila kutaja moyo ningemtazamia kuanguka. Pima presha amelala, kisha asimame, pima tena baada ya dakika moja na baada ya tatu.

#8 BintiMkubwa

Asanteni. Nimehesabu kwa vidole: 46, yanakwenda kwa mpangilio. Presha amelala 122, amesimama 108, akasema kichwa chepesi.

Dawa nyingine: amlodipini 5 ya presha na aspirini ndogo. Hamna nyingine. Kidonge cha usiku sijampa. Mama hataki kuniangalia.

#9 Mkweli_Mtupu

Mimi nitasema ambalo wengi hawapendi kulisikia. Dawa hii haiponyi. Haizuii ugonjwa. Ubongo unaendelea kufa ndani kwa ndani kama kawaida. Tulimpa baba mdogo miaka mitatu, kila mwaka anashuka, tulikuwa tunajifariji tu. Kumtapisha mzee wa miaka 78 kwa ajili ya faraja yetu sisi watoto ni ukatili.

#10 Mtafuta_Takwimu

Mkweli, sentensi zako nne za mwanzo ni sahihi, hukumu yako ndiyo inayokimbia mbele.

Majaribio ya miezi sita yaliyolinganisha donepezili na vidonge vitupu yamejumlishwa pamoja. Kwenye mtihani mrefu wa alama 70, waliomeza dawa waliwazidi wengine kwa wastani wa karibu alama 3. Kwenye huo wa alama 30 alioufanya baba yake BintiMkubwa, tofauti ni kama alama 1. Ndogo, ndiyo. Lakini wastani huo umewachanganya watu ambao hawakupata chochote na wachache waliopata kitu ambacho familia inakiona kwa macho. Hakuna kipimo cha kumjua mapema nani ni nani. Unajaribu, unaangalia.

Na namna ya kuangalia ndiyo watu wanaikosea. Wanasubiri kumbukumbu irudi. Hairudi. Dawa ikifanya kazi, mtu anashuka, ila kwa miezi kadhaa anashuka akiwa juu kidogo ya pale ambapo angekuwa. Baba yako mdogo alishuka kila mwaka. Je, bila dawa angeshuka vilevile au zaidi? Hujui, nami sijui.

#11 Mkweli_Mtupu

Basi kama hakuna anayejua, kwa nini familia inunue kitu kisichojulikana?

#12 Kisimani

Kwa sababu mama yangu alikuwa amenyamaza, Mkweli. Alikaa tu kwenye kiti. Mwezi wa tatu wa dawa akaanza kuuliza "leo nani anakuja?" Alama 1 yenu kwenye karatasi mimi niliisikia ikiongea.

#13 Mtafuta_Takwimu

Nakuamini Kisimani. Nitaongeza tu kwamba kwenye majaribio hata waliopewa vidonge vitupu huwa na kipindi cha mwanzo cha kuchangamka. Wanaangaliwa zaidi, wanazungumzishwa zaidi. Huwezi kujua kwa mtu mmoja.

#14 Kisimani

Sawa. Hata kama ni sisi kumzungumzisha, sitaiacha.

#15 BintiMkubwa

Wadau nimerudi kutoka hospitali. Nitaeleza kwa mpangilio maana kuna kitu kimenitoa machozi.

Kipimo cha umeme wa moyo: moyo unakwenda 44, mpangilio ni wa kawaida lakini umeme unachelewa kidogo kupita kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Damu na chumvi za mwili ziko sawa, isipokuwa amekauka maji kidogo, akatundikiwa dripu.

Daktari akaniuliza dawa anazotumia. Nikamtajia donepezili, amlodipini, aspirini. Akauliza kama MfamasiaMzee alivyouliza: "Ndizo zote?" Nikasema ndizo zote. Baba akiwa amelala pale akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kichupa kidogo, akasema, "Na hii hamuihesabu?"

Timololi. Matone ya presha ya macho. Anadondosha asubuhi na jioni, mwaka wa sita huu. Mimi ndiye ninayemnunulia. Haikunijia kwamba ni dawa, kwa sababu ni ya macho.

#16 MfamasiaMzee

Nilikuwa nimeketi nasubiri jibu hili hasa. Usijilaumu. Wakati wangu kaunta nimeuliza "unatumia dawa gani" maelfu ya mara, na labda mtu mmoja katika kumi hutaja matone bila kuulizwa mara ya pili.

Timololi ni ndugu wa damu wa atenololi na bisoprololi, zile dawa za presha zinazopunguza mwendo wa moyo. Tone likiwekwa jichoni, sehemu yake hushuka kwa kijitundu cha machozi kilicho kwenye pembe ya ndani ya jicho, linaingia puani, na ngozi laini ya pua hulinyonya moja kwa moja hadi kwenye damu. Halipiti kwenye ini kwanza kama kidonge, kwa hiyo haliharibiwi njiani. Tone moja dogo, moyo unalisikia.

Kwa miaka mitano moyo wa mzee ulilibeba bila shida. Ikaja donepezili 5, akabeba. Ikawa 10, akashindwa. Mmoja anakanyaga breki kwa mguu wa kulia, mwingine kwa mguu wa kushoto.

Jambo moja nalisisitiza kwa wote wanaosoma: msiache matone ya presha ya macho kwa kusoma uzi huu. Jicho lililopotea kwa ugonjwa ule halirudi. Mwenye kubadilisha ni daktari wa macho, na anazo aina nyingine ambazo haziugusi moyo.

#17 Upepo_wa_Kaskazi

Mkuu umenitia hofu. Mimi natumia timololi hiyohiyo, donepezili situmii, nina miaka 52. Niende hospitali usiku huu?

#18 MfamasiaMzee

Hapana, lala. Kama hukuwa na pumu, wala moyo wa polepole, na hupati kizunguzungu, endelea. Ila ukimaliza kudondosha, fumba jicho na ubonyeze pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili. Dawa inabaki jichoni inakohitajika. Na siku ukiandikiwa dawa yoyote ya moyo au ya kumbukumbu, itaje.

#19 Upepo_wa_Kaskazi

Nina pumu kidogo ya utotoni.

#20 MfamasiaMzee

Basi kesho mwambie daktari wako wa macho maneno hayohayo matano. Timololi inaweza kubana kifua cha mwenye pumu.

#21 Daktari_wa_Zamani

Nimefuata tangu mwanzo, sikutaka kumkatiza MfamasiaMzee kwa sababu anasema sawa. Ila naona uzi umeshahukumu kwamba mwizi ni matone, nami sina uhakika huo.

Moyo wa miaka 78 unaweza kuwa na swichi yake ya asili iliyochoka. Mtu anaishi nayo bila kujua, mapigo 66, hana neno. Ukimpa dawa yoyote inayopunguza mwendo, ule uchovu unajitokeza. Hapo dawa imeufichua ugonjwa, haikuuleta. Dalili yake ni kwamba dawa zikishatoka zote mwilini, mapigo hayarudi yalikokuwa, au yanarudi kisha anazirai tena bila dawa. BintiMkubwa, daftari lako lina thamani kuliko maoni yetu yote. Endelea kuandika mapigo kila asubuhi na jioni kwa wiki tatu.

Na kwamba dawa hizi huangusha watu si hadithi. Mwaka 2009 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha matokeo ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliofuatiliwa kwa rekodi za hospitali. Kati ya wanaotumia dawa za kundi hili, waliofika hospitali kwa kuzirai walikuwa kama 31 katika kila 1,000 kwa mwaka. Wasiotumia, kama 19. Waliowekewa betri ya moyo na waliovunjika nyonga pia walikuwa wengi zaidi upande wa dawa. Kinachonisumbua katika hilo ni ile betri: kuna wazee waliopasuliwa kifua ambao pengine kilichotakiwa ilikuwa kuacha kidonge.

#22 NesiWaZamu

Nami bado nashikilia maji yaliyopungua. Presha ilishuka alama 14 aliposimama, tena hapo alikuwa ameshakunywa. Alfajiri ile bafuni hatujui ilikuwa ngapi. Mapigo 46 peke yake, mtu amekaa ametulia, wengi hawazirai nayo.

#23 Daktari_wa_Zamani

Kweli. Na moyo wa kawaida damu ikipungua hukimbia ili kufidia. Wa kwake haukuweza kukimbia, una breki mbili. Huenda wote tuna haki.

#24 Tulizo

Samahani kuingilia. Mama yangu yuko hatua ya mwisho, hatembei, hasemi, ametumia donepezili miaka saba. Wamesema hapo juu kuhusu kuacha. Kwetu kila mtu anaogopa kusema. Je, bado inamfanyia kitu?

#25 Mtafuta_Takwimu

Pole Tulizo, na hujaingilia, ndilo swali la uzi.

Kuna jaribio la Uingereza, matokeo yalitoka 2012, wagonjwa 295 wa hatua ya kati na kali waliokuwa tayari wanatumia donepezili. Wengine waliendelea, wengine waliachishwa bila wao wala waangalizi kujua. Baada ya mwaka, walioendelea walikuwa mbele kwa karibu alama 2 kwenye ule mtihani wa 30, na walijimudu kidogo zaidi kwenye shughuli za kila siku. Walipofuatiliwa baadaye, walioachishwa waliingia zaidi kwenye nyumba za kutunzia wazee katika mwaka wa kwanza, kisha baada ya hapo tofauti ikapotea.

Kwa hiyo ukali wa ugonjwa peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuacha. Lakini wale waliosomwa bado walikuwa na alama 5 mpaka 13. Mtu asiyesema wala kutembea hakuwa ndani ya jaribio lile.

#26 Kisimani

Shangazi yangu aliachishwa mwaka juzi kwa sababu alikuwa anakonda. Wiki ya tatu akaanza kuona watu ukutani, akawa halali. Wakarudisha miligramu 5, ndani ya wiki chache akatulia, ingawa hakurudi kamili alipokuwa. Tulizo, mkijaribu kuacha, kubalianeni kabla nani ataangalia na mtarudisha kwa dalili gani. Sisi hatukukubaliana, kila mtu akawa anamlaumu mwenzake.

#27 NesiWaZamu

Kwa hatua ya mama yako Tulizo, mimi ningeangalia chakula. Kama anakonda, anakataa kumeza, anaharisha, kidonge hicho kinaweza kuwa sehemu ya sababu. Tumeachisha wagonjwa wa namna hiyo kwa kupunguza kwanza kuwa 5 wiki nne, kisha kuacha. Baadhi walianza kula tena. Baadhi hakuna kilichobadilika. Walioharibika ghafla, tulirudisha mapema, maana ukichelewa sana huenda usirudishe ulichopoteza.

Na uliza kama anapewa dawa ya kuzuia mkojo. Donepezili huwafanya baadhi wajikojolee, halafu anaandikiwa oksibutinini, ambayo kazi yake kemikali ni kinyume kabisa cha donepezili. Unakuta mgonjwa mmoja anameza dawa mbili zinazovutana kamba ndani yake.

#28 Tulizo

Anapewa hiyo hiyo. Miaka miwili sasa. Asante, kesho naenda na karatasi.

#29 BintiMkubwa

Nimeleta daftari. Donepezili imeachwa siku 9 sasa, na daktari wa macho alimbadilishia matone siku ya pili, sasa anatumia ya aina ya latanoprosti mara moja usiku.

Siku ya 1 mapigo 46. Siku ya 3, 50. Siku ya 5, 54, na siku hiyo ndiyo ya kwanza hakutapika. Siku ya 7, 58. Leo 61. Anakula. Jana alinicheka kwamba nimekuwa kama karani wa moyo wake.

#30 MfamasiaMzee

Daftari zuri kama hili nimeliona mara chache. Namna mapigo yanavyopanda ngazi kwa ngazi inalingana na zile saa 70.

#31 Daktari_wa_Zamani

Inalingana. Lakini mmeondoa breki zote mbili ndani ya siku mbili, kwa hiyo daftari haliwezi kutuambia ipi ilikuwa nzito. Sisemi mlikosea. Kwa mtu aliyeanguka ningefanya hivyohivyo.

#32 Mkweli_Mtupu

Mzee anakula, anacheka. Kesi imekwisha.

#33 BintiMkubwa

Natamani ingekuwa imekwisha. Leo ni wiki ya sita tangu kuacha. Mapigo 64 mpaka 68, hajazirai, kilo zimerudi karibu zote. Lakini amekuwa kimya. Zamani akianza hadithi ya ujana wake anaifikisha mwisho hata kama umeisikia mara mia. Sasa anaishia katikati, anaangalia mikono yake. Mama anasema "niliwaambia". Kaka anasema ni ule mshtuko wa hospitali. Daktari amempima tena, amepata 21.

Anapendekeza turudishe miligramu 5, tukae hapohapo tusipande, tupime umeme wa moyo baada ya wiki mbili.

#34 Mtafuta_Takwimu

22 kwenda 21 huwezi kuisoma, mtu huyohuyo akirudia wiki ijayo anaweza kupata 23. Na kumbuka alikaa na dawa wiki sita tu kwa jumla, mbili zikiwa za kutapika. Kawaida tunasubiri kama miezi mitatu ya dozi anayoivumilia ndipo tuulize kama inamsaidia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kuiacha ndiko kulikomnyamazisha.

#35 Kisimani

Wala hakuna anayeweza kusema siyo.

#36 Daktari_wa_Zamani

Mimi nisingerudisha. Aliwahi kuzirai, umeme ulikuwa unachelewa kupita, na hatujui matone yalibeba sehemu gani ya lawama. Faida tunayoitafuta ni ndogo, nyonga ikivunjika hasara ni ya maisha yake yote.

#37 MfamasiaMzee

Hapa nitatofautiana nawe kwa heshima, daktari. Alikaa wiki nne kwenye 5 pamoja na timololi na hakuanguka. Sasa timololi haipo. Mapigo yako 66. Nikiwa na familia inayohesabu kwa vidole kila siku, ningeijaribu 5, ameze baada ya chakula, na mpaka uandikwe kabla ya kidonge cha kwanza: mapigo yakishuka chini ya 50, au yakiwa 50 hadi 60 naye anasikia kizunguzungu, inaachwa siku hiyo bila kikao. Na miezi mitatu ikipita hakuna mtu nyumbani anayeweza kutaja kitu kimoja kilichokuwa bora, inaachwa pia.

#38 Asali_ya_Nyuki

Kuna pia kibandiko cha rivastigmini cha kubandika mgongoni, hakisumbui tumbo sana. Baba mkwe alihamia huko.

#39 NesiWaZamu

Kwa tumbo ndiyo. Kwa moyo ni jamii ileile, Asali, hofu ya mapigo haibadiliki.

#40 BintiMkubwa

Tumekaa jana usiku, mama, kaka, mimi, na baba mwenyewe. Nilimweleza baba taratibu, mara mbili. Akauliza, "Ni kile kidonge kilichonitapisha?" Nikasema ndicho, ila nusu yake. Akafikiri, akasema tusubiri kwanza amalize kufurahia chakula mwezi huu, kisha tumuulize tena.

Nimeandika kwenye daftari tarehe ya kumuuliza. Asubuhi hii mapigo 67.